Acheni Kutuambia Tuinue Kichwa

Jumapili iliyopita, kwa kiwanja cha mtaani kwetu Umoja, msee mmoja alipigwa kiwiko cha pua akirukia mpira wa kona. Damu ikaanza kumwagika kwa jezi. Kabla refa hata apulize filimbi, watu kama 7 walikuwa wamemzunguka, na wote walikuwa wanaimba wimbo mmoja: "Kichwa juu! Inua kichwa juu!" Mmoja akamshika paji la uso akamsukuma nyuma. Mwingine akammwagia chupa nzima ya maji utosini. Wa tatu akamwambia ainue mkono wa kushoto, ju damu ilikuwa inatoka pua ya kulia. Hiyo ya mkono nimejaribu kuielewa tangu nikiwa darasa la tatu na bado imenishinda.

Baada ya dakika chache jamaa akainama na kutapika damu nyeusi nyeusi. Hapo ndipo watu walishtuka kweli. "Ameumia ndani!" Mtu akaanza kutafuta bodaboda.

Hakuwa ameumia ndani. Hiyo ilikuwa damu ya pua, ile ile, ambayo nyinyi wenyewe mlimfanya aimeze.

Nimechoka na hii kitu. Tumefunzwa na walimu, wazazi, makocha na kila jirani mwenye sauti kubwa, na ni makosa, na tunaipitishia watoto wadogo kama urithi. Kwa hivyo leo tunaiongelea mpaka iishe.

Pua ina mashimo mawili na ukuta mmoja katikati. Sehemu ya mbele ya huo ukuta, ile unayoweza kuigusa kwa ncha ya kidole, ni mahali ambapo mishipa midogo kadhaa ya damu inakutana chini ya ngozi nyembamba sana. Madaktari wanaiita sehemu ya Kiesselbach, kwa jina la daktari Mjerumani. Damu nyingi za pua, karibu 9 kati ya 10, zinatoka hapo. Ndiyo maana vumbi la Januari linatosha kuianzisha, ama mafua, ama kucha yako wewe unayesoma hii ukijifanya huchokori pua.

Sasa fikiria hiyo sehemu iko mbele na inavuja. Ukirudisha kichwa nyuma hujafunga kitu. Umebadilisha tu njia ya maji. Damu inaacha kutoka kwa tundu la pua na inaanza kuteremka kooni. Kwa macho inaonekana imepungua, na hapo ndipo udanganyifu wote ulipo: watu wanaona tishu safi wanasema "unaona, imeacha," kumbe mtu anameza. Tumbo halipendi damu, kwa hivyo itarudi kama matapishi, na asidi ya tumbo itakuwa imeshaigeuza rangi ikafanana na kahawa. Mbaya zaidi, mtu aliyezimia au aliyelewa akilazwa chali, hiyo damu inaweza kuingia kwa njia ya hewa. Na hata kama hajaimeza vibaya, daktari akikuuliza "ametoka damu kiasi gani?" hutakuwa na jibu, ju yote iko tumboni.

Kwa hivyo: keti wima. Si kulala, si kusimama. Ukiketi kichwa kinakaa juu ya moyo na presha kwa mishipa ya pua inapungua kidogo. Halafu inamisha kichwa mbele, kama mtu anayesoma simu mapajani. Hiyo pozi unaijua vizuri, usijifanye. Fungua mdomo na upumue kwa mdomo. Damu ikifika kooni, iteme kwa beseni au hata chini, usiimeze kwa sababu ya aibu.

Halafu ubane. Na hapa ndipo hata wale wanaojua kuinama wanafeli. Pua ina sehemu mbili: juu kuna mfupa, pale miwani inakalia, na chini kuna sehemu laini inayocheza ukiigusa. Watu wengi wanabana juu kwa mfupa, pale pale wanaposhika wakiwa na mawazo. Kubana mfupa ni kama kukanyaga bomba la chuma ukitarajia maji yaache kupita. Bana ile sehemu laini, pande zote mbili, kwa kidole gumba na cha shahada, hata kama damu inatoka upande mmoja. Lengo ni kugandamiza ule ukuta wa mbele. Ukibana vizuri, sauti yako inakuwa ya mtu mwenye mafua makali. Kama bado unaongea kawaida, hujabana.

Kisha muda, na hii ndiyo sehemu ninayowagombanisha nyinyi wote. Dakika 10, kwa saa. Weka taima. Si "kidogo," si "mpaka nihisi imeacha." Mtu anabana sekunde 20, anaachilia aangalie, anaona damu, anabana tena, anaachilia tena. Mwisho wa nusu saa atakuambia alibana nusu saa na haikusaidia. Hapana, hakuwahi kubana hata dakika moja kamili. Damu ikiganda inatengeneza kitu kama utando laini pale ilipokuwa inavuja, na huo utando unahitaji kutulia ndiyo ushike. Kila ukifungua kuchungulia unaubandua na unaanza tena kutoka sifuri. Ni kama kufungua sufuria ya wali kila dakika halafu unashangaa mbona hauivi.

Dakika 10 zikiisha, achilia polepole. Kama bado inatoka, rudia dakika zingine 10, tena bila kuchungulia. Kama umebana hivyo vizuri na karibu nusu saa imepita na bado inatiririka, hiyo si ya nyumbani tena, nenda hospitali ukiwa bado umebana. Usingoje hata hiyo nusu saa kama inamwagika kwa nguvu, kama umeinama mbele na umebana vizuri lakini damu inazidi kushuka kooni, kama mtu amepauka na anahisi kizunguzungu, kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au kama ilianza baada ya kugongwa kichwa vibaya. Ile ya kushuka kooni ukiwa umebana inaweza kumaanisha chanzo kiko nyuma ndani ya pua, na huko vidole vyako haviwezi kufika.

Ile tishu mnayosokota kama sigara na kuingiza puani? Inakwaruza, inanata kwa damu iliyoganda, na siku ya kuitoa inatoka na utando wote. Maji baridi utosini hayafanyi lolote la maana. Barafu kwa pua kama una hamu sana, sawa, lakini isichukue nafasi ya vidole. Na ikishaacha, usipenge pua siku hiyo na ya kesho, usibebe mtungi wa maji, usirudi kwa mechi. Yule msee wetu alitaka kurudi kipindi cha pili. Kocha alikuwa amekubali.

Haya. Hiyo ni nusu ya hasira yangu. Nusu ya pili ndiyo imenifanya niandike.

Binamu yangu alikuwa Fomu 2 kwa shule ya bweni. Alikuwa anatokwa na damu puani tangu akiwa mdogo, na jibu la kila mtu lilikuwa moja: ni joto. Alipoenda shule likabadilika likawa vumbi. Akitoka damu usiku na kuchafua mto, matroni alimwambia aache kusoma chini ya blanketi. Siku moja ilitoka dakika 40 kwa paredi. Alilazwa chali kwa benchi, kichwa nyuma bila shaka, akapewa panadoli, na jina lake likaandikwa kwa kitabu cha wagonjwa: "joto." Ilikuwa Julai. Wale mmekaa Limuru mnajua Julai ni nini.

Alikuwa amechoka kila wakati. Alikuwa anatafuna odowa, yale mawe laini ya kioski, mpaka mama yake akapata pakiti 4 kwa sanduku lake na kumgombeza. Hedhi yake ilikuwa siku 9 au 10, anabadilisha pedi kila saa mbili, na alidhani wasichana wote wako hivyo kwa sababu hata mama yake alikuwa hivyo. Michubuko ya bluu kwa mapaja ambayo hakukumbuka aligongwa wapi. Hivi vitu vyote vilijulikana. Kila kimoja kilijulikana na mtu tofauti, na hakuna aliyeviweka pamoja.

Aliyeviweka pamoja ni daktari wa meno. Aling'oa jino moja asubuhi, na saa 2 usiku bado kilikuwa kinavuja. Walirudi, akaliziba, halafu akakaa chini akauliza maswali ambayo hakuna mtu alikuwa ameuliza: pua inatoka damu mara ngapi kwa mwaka, inachukua dakika ngapi, hedhi siku ngapi, na je, kuna mtu mwingine kwa familia? Shangazi yangu akanyamaza kidogo halafu akasema, "Daktari, mimi mwenyewe nilipojifungua huyu nusura nife."

Walipima hemogramu, kipimo kile cha kawaida cha damu. Himoglobini yake ilikuwa 8.1, wakati msichana wa umri huo anafaa kuwa na 12 kwenda juu. Damu yake ilikuwa imekwisha polepole, pua na hedhi zikisaidiana, na odowa ilikuwa dalili ya mwili usio na madini ya chuma. Lakini chembe za kugandisha damu zilikuwa za idadi ya kawaida, hata muda wa damu kuganda ulitoka kawaida. Mtu mwingine angesema "damu iko sawa, ongeza mboga." Yule daktari aliwatuma kwa mtaalamu wa damu, na huko wakapimwa kitu mahsusi: protini inayoitwa von Willebrand. Hiyo ndiyo inasaidia zile chembe kushika kwa mshipa uliopasuka, kama gundi. Yake ilikuwa kidogo sana. Ya mama yake pia.

Huu ugonjwa wa von Willebrand unahesabiwa kuwa ndio wa kurithi wa damu unaopatikana zaidi duniani, na unapata wanaume na wanawake sawa. Ile hemofilia wengi mmesikia ni adimu zaidi. Na dalili yake ya kwanza kwa watoto wengi ni hii mnayoita joto.

Jina linatoka kwa Erik von Willebrand, daktari wa Ufini. Mwaka wa 1924 aliletewa mtoto wa miaka 5 anayeitwa Hjördis kutoka visiwa vya Åland. Baadhi ya dada zake walikuwa wameshakufa kwa kutokwa na damu wakiwa wadogo. Daktari akafuatilia familia nzima, vizazi kadhaa, na kila mahali alikuta pua, fizi na hedhi. Aliandika matokeo yake mwaka wa 1926. Hjördis hakupona. Alikufa akiwa na miaka 13, kwa damu ya hedhi yake ya nne. Wakati huo hakukuwa na dawa. Sasa ziko, ni karibu miaka 100 baadaye, na bado mtoto wa Fomu 2 anaandikwa "joto" kwa kitabu.

Najua mtaniambia: kwa hivyo kila mtu akitoka damu puani akimbie hospitali? Hapana, na hapo pia nina ugomvi na zile tamthilia ambapo mhusika anapangusa tone moja la damu puani na sehemu inayofuata ni mazishi. Damu nyingi za pua ni ukuta mkavu na kidole. Paka vaselini kidogo ndani ya tundu usiku, kata kucha, yaishe. Ile ya mara moja baada ya kiwiko haihitaji mtaalamu.

Tofauti iko kwa kuhesabu. Zaidi ya mara 5 kwa mwaka, au inayopita dakika 10 hata ukibana vizuri, tayari ni kitu cha kumwambia daktari. Inakuwa nzito zaidi kama haiko peke yake: hedhi inayopita siku 7 au yenye mabonge makubwa, fizi zinazovuja ukipiga mswaki, michubuko isiyo na sababu, jino lililong'olewa likakataa kukauka, mama au mjomba aliye na hadithi kama hiyo. Ukiwa na mbili kati ya hizo, usikubali kurudishwa nyumbani na neno "joto." Uliza kuhusu kipimo cha von Willebrand kwa jina, ju umeshaona kwamba hemogramu inaweza kutoka sawa na ugonjwa uko. Kenyatta kuna kliniki ya wagonjwa wa damu kutoganda, na Hospitali ya Rufaa ya Moi kule Eldoret pia. Unaanza na daktari wa karibu, anakuandikia barua.

Kuna nyingine ambayo haihusiani na damu kuganda, na hii nawaambia wavulana hasa. Kama damu inatoka upande ule ule mmoja kila mara, na upande huo huo wa pua umeziba wiki baada ya wiki hata bila mafua, kuna haja ya mtu kuangalia ndani na kamera ndogo. Kwa wavulana wa umri wa kubalehe kuna uvimbe unaoota nyuma ya pua, si saratani, lakini umejaa mishipa ya damu na unatoka damu vibaya. Na kuna saratani ya nyuma ya pua ambayo haingoji uzee, dalili yake nyingine ni uvimbe shingoni usiouma, au sikio moja linalosikia kama limejaa maji. Daktari wa masikio, pua na koo ndiye wa hiyo. Mara nyingi ataangalia na kukuta si kitu, atachoma tu mshipa mdogo wa mbele kwa kijiti chenye dawa na utaenda nyumbani. Hiyo ni sawa pia.

Na dawa. Mtu anatoka damu puani, kichwa kinamuuma, anaenda kioskini anapewa tembe yoyote ya kichwa. Nyingi kati ya hizo zina aspirini ndani, na aspirini inazuia zile chembe kushikana kwa siku kadhaa. Brufeni nayo inazizuia, ingawa kwa muda mfupi zaidi. Panadoli ya kawaida haina hiyo shida. Soma pakiti. Kama wewe ni wa kutoka damu mara kwa mara, hii si ushauri wa ziada, ni kitu cha kwanza.

Wengine mtasema shule haina pesa za madaktari. Sijaomba daktari. Nimeomba kiti badala ya benchi, taima ya dakika 10, na kitabu chenye safu moja zaidi. Kile kitabu cha matroni kilikuwa na jina la binamu yangu mara 11 kwa mihula miwili. Kumi na moja! Mtu mmoja tu angegeuza kurasa nyuma angeona. Hakuna mashine ya kununua hapo.

Binamu yangu sasa anatumia vidonge vya madini ya chuma, na ana tembe za kumeza siku za hedhi zinazofanya damu ikiganda isiyeyuke haraka. Pua bado inatoka mara moja moja. Kwa simu yake kuna noti anayoandika kila inapotokea, na aliniruhusu niwaonyeshe ya mwisho: "Jumanne, saa 1 jioni, kushoto, nimebana dakika 10, imeacha mara ya kwanza. Dada wa dirisha la pili aliniambia niinue kichwa. Nilikuwa nimebana pua, nikashindwa kumjibu."